Kutoa deni: kwa nini 5 − (−3) ni 8

Swali: Nafundisha darasa la sita hapa Tanga mjini. Namba hasi nimezifundisha kwa jotoridi, madeni na ghorofa za lifti, na kujumlisha wanaweza. Ila 5 − (−3) inawagomea. Nikiwaambia "hasi na hasi ni chanya" wanapata 8, kesho yake wanaandika −4 − 3 = 7. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, hiyo kauli iache kabisa. Mtoto aliyeandika −4 − 3 = 7 ameitii kama ulivyomwambia: ameona alama mbili za hasi akazigeuza kuwa chanya. Hajaona kwamba ya kwanza ni ya namba yenyewe na ya pili inamwagiza atoe. Kwa muda, kila namba hasi iwekeeni mabano, (−4) − 3, na isomwe "hasi nne, toa tatu". Msisome "toa nne, toa tatu".

Kisha rudi kwenye madeni, kwa kuwa ndiyo yanayoonyesha kitendo cha kutoa waziwazi. Kila kundi likate vipande 10 vya karatasi vilivyoandikwa +1 na 10 vilivyoandikwa −1. Kipande cha +1 ni shilingi elfu moja mkononi, cha −1 ni deni la elfu moja kwa mwenye duka. Elfu moja mkononi pamoja na deni la elfu moja ni sifuri, na hilo walikubali kwanza kabla hamjasonga mbele.

Usianze na 5 − (−3). Anza na (−4) − (−3). Vipande vinne vya deni viko mezani, mwenye duka amesamehe vitatu, wavitoe kwa mkono. Kimebaki kimoja: −1. Hapa hakuna anayekwama, maana deni la kutolewa lipo.

Kwenye 5 − (−3) mtoto ana vipande vitano vya +1 na hana deni hata moja, kwa hiyo anauliza kwa haki kabisa: nitoe nini? Ndipo somo lote lilipo. Mwambie aongeze jozi tatu, kila jozi +1 moja na −1 moja. Ni sawa na kukopa elfu tatu taslimu: mkononi sasa ana elfu nane, anadaiwa elfu tatu, na mali yake halisi bado ni elfu tano. Waihesabu mezani waone haijabadilika. Mwenye duka akisamehe deni, watoe vipande vitatu vya −1. Vimebaki vinane vya +1. Zile +3 zilizoingia na jozi ndizo zilizobaki, na ndiyo maana kutoa −3 kunaleta jibu lilelile la kujumlisha 3. Wahakikishe kwa kurudi nyuma: 8 + (−3) = 5.

Angalia sana neno unalotumia. Sema deni "limesamehewa", usiseme "limelipwa". Anayelipa elfu tatu anapunguza deni na pesa kwa pamoja, kwa hiyo mali yake haiongezeki. Darasa likisikia "kulipa" litapata 5, na kwa mfano huo litakuwa sahihi.

Jotoridi nalo lina kazi yake, ila si hii ya kuondoa kitu, kwani hakuna nyuzi za hasi unazoweza kuzichukua kwa mkono. Linafaa kwa tofauti. Friza ya samaki iko nyuzi −18, chumba kiko nyuzi 30. Kutoka −18 hadi sifuri ni 18, kutoka sifuri hadi 30 ni 30, jumla 48. Hiyo ndiyo 30 − (−18). Ukichora kipimajoto kilichosimama ubaoni, wataona kwamba sifuri iko katikati ya namba hizo mbili, na ndiyo maana umbali unajumlishwa.

Lifti inafanya kazi hiyohiyo ya tofauti: kutoka maegesho ya −3 hadi ghorofa ya 5 unapanda ngazi 8 za ghorofa. Lakini chora jengo lako mwenyewe, usawa wa barabara uandikwe 0. Yapo majengo ambayo ghorofa ya usawa wa barabara huitwa 1, na chini yake −1, bila sifuri. Humo ukipanda kutoka −1 hadi 1 umepita ghorofa moja tu, wakati 1 − (−1) ni 2. Watoto wengi wa hapa hawajapanda lifti, kwa hiyo mchoro usipokuwa sahihi hawana pa kuugundulia.

Mwisho wa kipindi wape maswali matatu: (−4) − 3, (−4) − (−3) na 4 − (−3). Majibu ni −7, −1 na 7. Aliyeandika 7 kwenye la kwanza bado anafuata ile kauli. Aliyeandika 1 kwenye la tatu ametoa 3 ya kawaida, alama ya ndani ya mabano hakuiona. Huyo mrudishe mezani kwenye vipande, aongeze jozi mwenyewe.