"Wapewe watoto wangu wote": sentensi moja ya wosia iliyotugombanisha

Juzi msomaji kanitumia wosia wake, ukurasa mmoja tu, anataka niupitie. Kipengele cha nyumba kimeandikwa "nyumba yangu wapewe watoto wangu wote". Nikaona hili nisimjibu peke yake, bora niandike hapa, maana maneno hayohayo ndo yalitugombanisha kwetu.

Kwetu tulizaliwa watatu. Kaka mkubwa alifariki baba akiwa bado hai, akaacha watoto wawili, na baba hakuugusa tena wosia wake. Siku tunausoma, mdogo wangu akasema watoto wa mzee ni sisi wawili tuliobaki, kwahiyo nyumba ni nusu kwa nusu. Shemeji akasema hapana, marehemu naye alikuwa mtoto, theluthi yake ni ya wanawe. Usome tena ule mstari uone, wote wawili wana pa kushikia! Mimi nilisimama na watoto wa marehemu na sijutii, ila mdogo wangu mpaka leo simu yangu hapokei, na kila mtu anaapa kwamba anafuata alichotaka baba.

Kilichokosekana ni sentensi mbili tu. Ingeandikwa hivi: "Nyumba yangu iliyopo kiwanja namba fulani naiacha kwa (majina kamili matatu) kwa sehemu sawa. Yeyote kati yao akifariki kabla yangu, sehemu yake igawanywe sawa kwa watoto wake, na kama hana watoto, iongezwe kwa wenzake walio hai." Hapo hamna cha kubishania. Andika majina, usiandike "watoto wangu", kwasababu neno hilo linaleta maswali ya mtoto wa nje, wa kambo, wa kulea, na wewe hautakuwepo kujibu. Na "sehemu sawa" iandike hata kama unaona inajulikana.

Jambo lingine, baba alimwachia mdogo wangu gari, halafu akaja kuliuza. Kwa kawaida kitu ulichokitaja mahususi kisipokuwepo siku unakufa, zawadi hiyo imekufa nayo, aliyeandikiwa hafidiwi. Upande wa pili kuna shamba alilonunua baada ya kuandika, hilo halikutajwa popote, likabidi ligawanywe kama vile hakuna wosia. Dawa yake ni kipengele cha masalio: "Mali yangu nyingine yoyote ambayo sijaitaja hapa, ya sasa au nitakayopata baadaye, naiacha kwa fulani na fulani kwa sehemu sawa." Wengi wanakiruka hiki wakati ndo kinachobeba kila ulichosahau.

Msimamizi wa mirathi taja mmoja, halafu wa akiba: "akifariki, akikataa au akishindwa, basi fulani". Baba aliandika "wanangu wasimamie", matokeo yake kila karatasi inasubiri saini ya mtu aliyenuna. Msimamizi anaweza kuwa mrithi pia, ila aelewe anaanza na mazishi na madeni, kugawa kunakuja mwisho.

Kama una watoto wadogo, mlezi naye awe mtu mmoja kwa jina, na wa akiba, na umuulize kabla. Ukiandika "kaka na mkewe" wakaja kuachana, mtoto anakaa na nani? Mimi wangu nimeutenganisha, dada ndo mlezi, hela ya watoto anashika mtu mwingine, anatoa ada na matibabu, na kila mtoto anakabidhiwa chake akifikisha miaka 21. Dada kwanza alikasirika kidogo, nikamwambia ni afadhali ukasirike nikiwa hai.

Sheria za nchi na za dini zinatofautiana, mfano kwa Waislamu wosia hauzidi theluthi moja ya mali, kwahiyo mwanasheria au shehe aupitie. Ila sehemu nyingi wanataka mashahidi wawili wanaokuona unasaini, wote wawili wakiwepo, nao wakasaini palepale. Shahidi asiwe mtu uliyemwachia kitu wala mume au mke wake, maana hiyo zawadi inaweza kufutwa. Juu kabisa weka tarehe na "nafuta wosia wowote nilioandika kabla ya huu". Ukija kubadili mawazo usikate jina kwa kalamu ukaandika lingine juu yake, mtu atasema umeghushiwa, andika upya wote, mashahidi wasaini tena, wa zamani uchane. Nakala halisi mwambie msimamizi iko wapi, fotokopi peke yake inaweza kumsumbua sana.