Fundi friji: Instagram, Google, stika au mdomo wa mteja?

"Nina kiofisi cha kutengeneza friji huku Mbagala. Jioni zangu na bando vinaishia Instagram, na simu haziiti. Niendelee, au nguvu niipeleke Google, kwenye vipeperushi na kwa wateja wenyewe?"

Mkuu, mimi ni fundi friji Tabata, na nimelipitia hilo. Kila jioni nilikuwa narekodi video, kisha najibu "bei gani?" za watu wa Mwanza na Arusha ambao nisingewafikia kwa vyovyote.

Kilichonifumbua macho ni daftari. Kwa miezi 2 kila aliyepiga nilimuuliza namba yangu kaipata wapi, na kazi ikilipwa naweka alama. Kazi zilizolipwa zilikuwa 41. Walioelekezwa na mtu 22, Google Maps 10, stika 6, Instagram 3.

Ila chunga, mteja hukutajia mahali pa mwisho tu. Mama mmoja alinijibu "Google". Nikamuuliza jina la ofisi alilijuaje, kumbe alitajiwa na muuza nyama wa mtaani kwao, ndipo akaingia Google kutafuta namba. Huyo nilimwandika kwa muuza nyama. Swali la pili usiliache.

Friji haikumbukwi mpaka igome. Mtu ambaye nyama yake inachuruzika maji hakai kuangalia video. Anauliza jirani au anaandika "fundi friji karibu nami". Ungekuwa unauza keki au magauni nisingekushauri hivi, maana vile mtu hutamani kwa macho hata kama hakupanga kununua.

Kwa hiyo anza na Google Maps, kujisajili ni bure. Hakikisha pini imekaa mlangoni kwako. Yangu ilikuwa mtaa wa pili, na wateja walikuwa wanazunguka na bodaboda hadi wanakata tamaa. Weka saa unazofungua kweli. Maoni omba siku hiyohiyo friji ilipowaka, mtumie linki WhatsApp kabla hujaondoka. Ukisubiri kesho, ameshasahau.

Vipeperushi niligawa 500 kituo cha daladala, nikapata simu moja. Karatasi iliyonilipa ni stika. Naibandika ubavuni mwa friji, si mlangoni ambako watoto wanaibandua, na juu yake naandika kwa kalamu tarehe niliyojaza gesi. Stika hupigiwa baada ya miezi mingi, kwa hiyo usiihukumu kwa daftari la miezi 2.

Nguvu kubwa ipeleke kwa mteja uliyekwisha kumhudumia. Siku ya 7 nampigia: "Mama, friji inagandisha?" Ikiwa bado inasumbua, narudi bila kudai nauli. Wengi walioniletea majirani zao ni hao niliorudi kwao.

Instagram sijaifuta. Naipa saa 1 kwa wiki, picha za kazi iliyokamilika tu, kwa sababu kuna wanaochungulia kabla ya kunikaribisha nyumbani kwao.