Choo cheusi kama lami: damu inatoka wapi, na uanze na nini

Mtu akikuambia choo chake kimekuwa cheusi, muulize kama kinanata, kinang'aa kama lami na kina uvundo usio wa kawaida. Anayemeza vidonge vya madini ya chuma pia hupata choo cheusi, lakini hakinati wala hakinuki hivyo. Kile cha lami ni damu iliyotoka juu, kwenye umio, tumbo au mwanzo wa utumbo, ikageuka rangi njiani. Haihitaji kuwa nyingi: nusu kikombe cha chai yatosha.

Mara nyingi chanzo ni vidonda vya tumbo, hasa kwa anayemeza diklofenaki, brufeni au aspirini kila siku. Lakini kandokando ya Ziwa Victoria usisahau kichocho cha matumbo. Mayai ya minyoo hukwama katika mishipa ya ini na kuacha makovu. Damu iliyokuwa ipite humo hukosa njia, ikarudi nyuma na kuvimbisha mishipa ya umio. Bandama nayo huvimba chini ya mbavu za kushoto. Ini lenyewe huendelea kufanya kazi, ndiyo maana macho hayageuki manjano na mtu huvua samaki kama kawaida hadi mshipa upasuke.

Chukua mvuvi wa Dunga mwenye miaka 38. Siku mbili choo ni cheusi, ananunua dawa ya vidonda dukani. Siku ya tatu anatapika damu mbichi yenye mabonge. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, ili matapishi yasiingie mapafuni. Asipewe maziwa, maji, wala dawa ya maumivu: tumbo lililojaa humtapisha zaidi na huziba kamera ambayo daktari huingiza tumboni kutafuta panapovuja. Hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Yakizidi 100, au akizimia anapoketi, amepoteza damu nyingi. Usimpakie bodaboda, tafuta ambulensi au gari atakamolala.

Mpelekeni penye damu ya kuongezwa na kamera ya kuingia tumboni, kama hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu. Kama kituo cha afya ki karibu zaidi na hali yake ni mbaya, pitieni huko awekewe dripu mbili kwanza. Bebeni dawa zote anazotumia, na watu wa kutoa damu.

Jambo moja huwapotosha wengi: kipimo cha kwanza cha wingi wa damu, yaani himoglobini. Mvuvi huyu anaweza kusoma 11 akifika na 6 saa chache baadaye, kwa sababu mwanzoni damu iliyobaki haijachanganyika na maji ya mwili na ya dripu. Msikubali kurudi nyumbani kwa namba hiyo moja.

Mwambieni daktari kwamba anaishi ziwani. Ikishukiwa ni mishipa ya umio, hupewa dawa ya kupunguza shinikizo ndani ya mishipa hiyo na antibiotiki hata kabla ya kamera, kisha mshipa hufungwa kwa mpira mdogo. Prazikwanteli huua minyoo, lakini haifungi mshipa uliokwisha kuvimba, kwa hiyo kamera hurudiwa baada ya wiki chache.