Jina la mchele wa magunia

“Nauza mchele kwa magunia ya kilo 25 na 50, wateja ni wenye maduka na mahoteli. Nichukue jina lipi: Mchele Safi, Dhahabu ya Mashamba Bora au Kinu?”

Chukua Kinu. Wateja wako wengi wataagiza kwa simu, tena penye kelele: “Nipe Kinu kumi.” Hilo la Dhahabu watalikata wenyewe, na kipande kitakachobaki hutakichagua wewe.

Wapo watakaokuambia kwamba jina lieleze bidhaa; wako sahihi nusu. Neno “mchele” liandikwe kubwa kwenye gunia, ila lisiwe ndilo jina. Mchele Safi ni maelezo matupu, na wasajili wa alama za biashara kwa kawaida huyakataa kwa sababu kila muuzaji anayahitaji. Hata ukipita, mwenzako akiandika Mchele Safi Sana utamfanya nini? Halafu “safi” ni ahadi: gunia moja likitoka na mawe, jina lenyewe linakusuta. Kinu hakimwahidi mtu chochote, na huchoreka kwa rangi moja na mistari minene, ambayo ndiyo hukaa vizuri kwenye gunia la kufumwa.

Mpigie mtu asiyelijua jina, aandike oda. Akiandika Kino, fikiria upya. Kisha tafuta kwenye daftari la alama za biashara, daraja la 30, ambamo mchele umo. Ukipanga kuongeza mafuta ya kula, angalia na la 29. Huko huenda Kinu kina mwenyewe.