Noti za grafu ziwe mwongozo wa kuchorea

Swali: Asalaam alaykum mwalimu. Mie niko mwaka wa kwanza chuo hapa Unguja. Lekcha ya grafu za fankisheni ninayo yote kwenye noti, kurasa kibao, lakini nikipewa fankisheni nichore naishia kupiga pointi tu na kuunganisha. Nataka niifanye mwongozo wa ukurasa mmoja wenye cheklisti, nianzie wapi?

Jibu: Waalaykum salaam mdogo wangu. Kwanza usifupishe noti, maana utapata noti zilezile kwa herufi ndogo. Chukua kila kipande cha lekcha ukigeuze kiwe swali ambalo jibu lake unalitia kwenye karatasi, iwe nukta, mstari wa vidoti au alama ya kujumlisha na kutoa. Kipande kisichokupa kitu cha kuchora, kama ithbati ya limiti, kibakishe kwenye daftari.

Tizama hii, `f(x) = (x+1)/(x²-4)`.

Swali la mwanzo liwe: nimefakta juu na chini? Hapa chini ni `(x-2)(x+2)`, juu hapakatiki kitu na chini, basi x=2 na x=-2 ni asimtoti za wima, chora vidoti viwili. Ingekuwa kinakatika, mfano `(x²-4)/(x-2)`, hapo huna asimtoti, una mstari wa `x+2` wenye tundu kwenye (2, 4), na wengi hupoteza maksi hapa kwa kuwa wanakimbilia kuangalia sifuri ya chini kabla hawajafakta.

La pili, inakata wapi mihimili? Juu ni sifuri x ikiwa -1, na ukitia x=0 unapata -1/4. Tia nukta mbili. La tatu, x ikienda mbali inakuwaje? Chini ina x² na juu x tu, kwa hiyo thamani inakaribia sifuri, asimtoti ya mlalo ni y=0.

Hapa ndo wanafunzi wanapokwama. Wameambiwa grafu haigusi asimtoti, halafu nukta ya (-1, 0) imekaa juu ya asimtoti yenyewe, wanaifuta! Usifute. Ile ya wima ndo haikatwi, kwa sababu pale fankisheni haina thamani. Ya mlalo inaeleza tabia ya mbali tu, katikati grafu inaweza kuikata bila tabu. Sentensi hiyo iandike kwenye mwongozo wako kwa kalamu nyekundu.

Sasa swali ninalolithamini kuliko yote, na kwenye noti nyingi halipo au limepitwa mbio: alama. Chora mstari wa namba utie -2, -1 na 2, halafu kila kipande jaribu namba moja. x=-3 inatoa -2/5, iko chini. x=-1.5 inatoa chanya, iko juu. x=0 tushaiona, chini. x=3 inatoa 4/5, juu. Ukishapata hizo alama nne unajua kila tawi linaingilia wapi na linatokea wapi kwenye vidoti vyako, kushoto linazama chini kwenye -2, la kati linashuka kutoka juu kabisa likapita -1 likazama kwenye 2, la kulia linatoka juu linalala taratibu kwenye mhimili wa x. Grafu ishapatikana na hujadifarensieti hata kidogo.

Difarensiesheni iweke mwisho, kazi yake kukagua. Ukiifanya, juu unapata `-(x²+2x+4)`, chini mraba wa `x²-4`. Ile `x²+2x+4` haina sifuri, kwani `b²-4ac` yake ni 4-16, nayo ni hasi, basi mteremko ni hasi kila mahali fankisheni ilipo. Maana yake hakuna kilele wala bonde, kila tawi linashuka tu. Kama mchoro wako una kilima kati ya -2 na 2, ujue ulikisia, rudi kwenye alama. Ila usiandike "inashuka kote", andika inashuka kwenye kila kipande, maana ikivuka x=2 inaruka kutoka chini kabisa kwenda juu kabisa.

Difarensiesheni ya pili mie naiacha nje ya cheklisti mpaka swali liombe. Hapa tawi la kati linabadilisha mkunjo mahali fulani, lakini kupatafuta hesabu yake ndefu na mchoro wa mkono haukudai.

Ukimaliza kuandika mwongozo ujaribu kwa `x/(x²+1)`. Swali la asimtoti za wima litajibu hakuna, simetri itakupunguzia nusu ya kazi kwa kuwa ni fankisheni witiri, na safari hii difarensiesheni itakupa kilele kwenye (1, 1/2) na bonde kwenye (-1, -1/2). Simetri kwa hiyo nayo iongeze, ikae baada ya mihimili.