Kapsheni ya video fupi: kipi kiende chini, kipi kibaki ndani ya video

Swali: "Wakuu, natengeneza klipu za sekunde 30 hadi 45 za ufugaji wa kuku, naziweka Instagram na TikTok. Sauti yangu ipo, maandishi ya kwenye skrini naweka, ila nikifika kwenye kapsheni naishiwa. Ama narudia yaleyale niliyosema, ama naandika 'Tazama mpaka mwisho' basi. Nyie mnaandikaje?"

Mkuu, hapo umenigusa, maana klipu iliyonitia adabu ilikuwa ya kuku hao hao. Natengeneza video za duka moja la dawa za mifugo hapa Morogoro, na mwaka wa kwanza kapsheni nilikuwa naiandika mwisho kabisa, nimechoka, kidole kiko tayari kwenye kitufe cha kuposti.

Klipu yenyewe ilikuwa ya chanjo ya kideri, ile ya tone la jichoni. Sekunde 40. Mtaalamu wa duka anamshika kuku, anamlaza kichwa pembeni, anadondosha tone. Sauti inasema: "Ukiona kuku mmoja kapinda shingo, ujue umeshachelewa. Chanja mapema. Unamshika hivi, unaweka tone hapa, unasubiri kidogo, unamwachia." Kwenye skrini tuliandika kwa herufi kubwa TONE 1, JICHO 1, KILA MIEZI 3. Kapsheni yangu ilikuwa hii:

> Habari wafugaji wetu wapendwa! Leo tumewaletea somo muhimu sana kuhusu chanjo, usikose kutazama mpaka mwisho. Kumbuka kuchanja kuku wako kila baada ya miezi 6. Kuku mgonjwa asichanjwe. Karibuni dukani.

Makosa yamo mengi humo, ila mawili ndiyo yaliyotuumiza.

La kwanza ni ile miezi 6. Niliichota kwenye notisi zangu za klipu nyingine, sikurudi kuangalia video. Skrini inasema 3, kapsheni inasema 6. Ndani ya saa chache komenti zikawa ni ugomvi, kila mtu na namba yake, na mama mmoja akauliza kwa upole tu, "Sasa mwanangu nishike ipi?" Sikuwa na jibu zaidi ya kuomba radhi. Instagram inaruhusu kurekebisha kapsheni baada ya kuposti, nikarekebisha. Tangu hapo namba yoyote ya kwenye kapsheni naiandika nikiwa nimesimamisha video pale pale inapoonekana. Na naiandika kwa umbo lile lile: kama skrini ina "miezi 3", chini siandiki "siku 90" wala "mara nne kwa mwaka", hata kama hesabu ni ile ile. Mtu anayesoma haraka haanzi kupiga hesabu, anaona namba mbili tofauti.

La pili lilikuja baada ya wiki mbili. Mteja alifika dukani amekasirika, chanjo yetu imemuulia kuku. Kumhoji, kumbe alichanja kuku ambao tayari walikuwa wanaumwa. Tukamwambia mbona tuliandika kuku mgonjwa asichanjwe? Akatoa simu, akatuonyesha klipu yetu kwenye grupu la WhatsApp la wafugaji. Video ilikuwa ile ile, kapsheni hakuna. Mtu aliipakua na kuisambaza, na faili la video likipakuliwa kapsheni inabaki kule ilikotoka. Yule bwana hakuwahi kuiona sentensi yetu hata siku moja.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya kila kimoja. Kitu ambacho mtu akikikosa atapata hasara, kiende kwenye sauti au kwenye skrini, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyosafiri na video. Kapsheni iongeze nguvu, isiachiwe kubeba onyo peke yake. Na mambo yanayobadilikabadilika, kama bei au siku ambazo mzigo unaingia, hayo ndiyo ya kuweka kwenye kapsheni, kwa sababu unayabadilisha bila kuhariri video upya. Namba ya simu mimi naiweka kote kuwili, chini na kwenye picha ya mwisho ya video.

Sasa swali lako la kurudia. Shida yako nadhani inaanzia hapa: unaandika kapsheni ukiwa umeshamaliza kila kitu, kwa hiyo kichwani yamebaki maneno uliyotoka kuyasema. Mimi siku hizi nachukua karatasi kabla ya kurekodi, naichora safu tatu: sauti, skrini, kapsheni. Sauti kwa sekunde 40 siipitishi maneno 80, zaidi ya hapo msemaji anaanza kukimbia. Skrini nabakiza namba na majina, mistari mifupi ambayo nikiisoma mwenyewe kwa sauti naimaliza kabla haijaondoka. Halafu narudi kwenye safu ya sauti, natafuta maneno ya kuonyesha kidole: hivi, hapa, hii, kidogo, kiasi hiki.

Hayo maneno ndiyo dhahabu ya kapsheni, mkuu. Kwenye video yanaeleweka kwa sababu mkono unaonekana. Kesho asubuhi mfugaji yuko bandani, kuku mkononi, video haikumbuki vizuri, na "unasubiri kidogo" haimsaidii. Kidogo ni kiasi gani? Nilimuuliza mtaalamu, akasema mpaka kuku apepese jicho, ndipo ujue tone limeingia. Hicho hakikuwa kwenye sauti wala kwenye skrini. "Unaweka tone hapa" maana yake ni ndani ya jicho moja, siyo kila jicho. Na swali ambalo kila mtu huuliza, je, kifaranga naye ni tone zima? Ndiyo, sawa na jogoo. Kwa hiyo ukiishiwa cha kuandika, sikiliza klipu yako umefumba macho. Kila utakapojisikia kuuliza "hapa wapi?" au "kiasi gani?", mstari mmoja wa kapsheni umeshaupata.

Tulirekodi upya. Sauti safari hii ilianza: "Ukiona kuku kapinda shingo, huyo usimchanje, mtenge. Anayechanjwa ni mzima." Skrini ikabaki ile ile, tukaongeza KUKU MGONJWA ASICHANJWE ikakaa juu muda wote mtaalamu anapomshika kuku. Kapsheni ikawa hivi:

> Kideri au mdondo: mgonjwa mtenge, mzima chanja.
>
> Tone 1 ndani ya jicho 1, kifaranga na jogoo sawa. Mshike mpaka apepese jicho, ndipo umwachie. Rudia kila baada ya miezi 3.
>
> Ukinunua chupa, ifunge kwa kitambaa kibichi na isikae juani mpaka ufike nyumbani.
>
> Umebakiwa na swali la banda lako? Andika una kuku wangapi na wa umri gani.

Angalia mstari wa kwanza. Programu hizi zinaonyesha maneno machache tu ya mwanzo, mengine mtu hayaoni mpaka abonyeze. "Habari wafugaji wetu wapendwa" ilikuwa imekula nafasi yote hiyo. Sasa maneno hayo machache yanafanya kazi mbili. Yanataja ugonjwa kwa majina yake yote mawili, maana sauti ilisema "kideri" tu na kuna wanaoujua kwa jina la mdondo, tena ndilo watakaloandika wakitafuta. Pili, yanaendeleza sentensi ya kwanza ya sauti. Mtu yuko kwenye daladala, sauti amezima, anaona kuku anashikwa na anasoma "mgonjwa mtenge, mzima chanja": ameshajua video inahusu nini. Mwenye sauti naye haoni kama anasomewa kitu kile kile, kwa sababu jina la mdondo na lile la kideri hakuyapata pamoja kokote.

Kwa hiyo kurudia kwenyewe siyo dhambi. Kipimo cha dawa narudia kote kutatu kwa makusudi, ndiyo kiini cha klipu. Nisichorudia ni maelezo.

Kile cha kitambaa kibichi kipo chini tu, hakimo kwenye video, na ni kwa makusudi. Aliyepelekewa klipu WhatsApp akikikosa, atakutana nacho dukani siku ya kununua, muuzaji humwambia. Na lile swali la mwisho limeuliza vitu viwili ambavyo mtu anaweza kuvijibu bila kufikiri. Nilipokuwa naandika "Maoni yako ni muhimu" nilikuwa napata emoji za mikono.

Urefu usikutishe. Nafasi Instagram ni herufi 2,200, huwezi kuimaliza kwa klipu ya sekunde 40 na hupaswi kujaribu. Kipimo changu ni skrinshoti moja. Wafugaji wetu hawasevu posti, wanapiga skrinshoti, kwa hiyo nafungua kapsheni kwenye simu ndogo ya dukani, yote isipoingia kwenye kioo napunguza. Hashtagi mbili tatu mwisho kabisa, ukizichomeka katikati ya sentensi unamkwaza msomaji bure.

Kitu kingine kidogo ila kinakera: kapsheni inakaa juu ya video yenyewe, upande wa chini. Ukiweka maandishi ya skrini huko chini yatafunikwa na kapsheni yako mwenyewe. Sisi ilitutokea, KILA MIEZI 3 ikawa inasomeka nusu. Robo ya chini ya fremu naiacha tupu, na ukingo wa kulia pia, kule vinakokaa vitufe vya kupenda na komenti.

Baada ya kuposti, soma komenti za siku ya kwanza kama fundi anavyosikiliza injini. Wakiuliza kitu ambacho tayari kimeandikwa chini, mstari wa kwanza haukuwavuta wafungue. Wakiuliza kisichokuwepo popote, ongeza, ndiyo maana kapsheni inarekebishika. Wakibishana wao kwa wao, kimbia ukaangalie namba zako.

Na ukiipeleka klipu WhatsApp wewe mwenyewe, bandika na ile mistari miwili ya juu ya kapsheni pamoja nayo. Kama una klipu iliyo tayari, weka hapa maneno ya sauti na ya skrini kama yalivyo, tuiangalie kapsheni yake pamoja.