Swali la majaribio kabla ya swali la kwanza

Mara ya kwanza kuendesha chemshabongo ya idara kazini, nilisoma sheria 12 kwenye karatasi. Watu wakapiga makofi, tukaanza. Swali la tatu likawashinda Uhasibu, likahamia kwa Ugavi. Nahodha wao akaomba nirudie kulisoma, nikarudia, akapata. Uhasibu wakaja juu: Ugavi wana sekunde 20 mpya, au zile zilizobaki? Karatasi yangu ilisema tu kwamba swali "litapita kwa timu inayofuata". Tulibishana karibu dakika kumi, na ukumbi haukuchangamka tena.

Siku hizi mwendeshaji hajitambulishi mwenyewe. Hutambulishwa na mtu mwingine, na jambo la kwanza kutajwa ni idara anayotoka, maana ndicho wapinzani watakachonong'ona akikosea. "Anatoka Rasilimali Watu. Maswali hakuyatunga, amekabidhiwa bahasha asubuhi hii, na jibu likibishaniwa haamui yeye." Hapo hapo mwamuzi na mtunza muda wanasimama, ili kila timu ijue imtazame nani. Vyeo na shahada zake viacheni.

Kwenye sheria, nataja nne tu, zile ambazo timu itazihitaji ikiwa mezani. Sekunde 20 huanza neno la mwisho la swali likishasomwa. Jibu ni la nahodha, na ni lile la kwanza kutamka. Swali likihama, timu inayolipokea ina sekunde 10, halisomwi tena, na alama ni 1 badala ya 2. Pingamizi litolewe kabla swali linalofuata halijaanza kusomwa.

Kisha linakuja swali la majaribio, lisilo na alama, na hapa ndipo msifanye haraka. Nazungumza mapema na timu ya kwanza ikosee kwa makusudi. Nauliza: mwaka una miezi mingapi yenye siku 31? Mwanatimu anaropoka, "Saba!" Nahodha anasema, "Sita." Mwamuzi anatangaza kuwa wamekosa, kwa sababu linalohesabika ni la nahodha, ingawa saba ndilo sahihi. Swali linahama, mtunza muda anahesabu 10 kwa sauti, timu ya pili inajibu saba, na mtunza alama anaandika 1 ubaoni, kisha anaifuta. Sheria tatu zimeonekana kwa macho chini ya dakika moja.

Baada ya hapo nawageukia manahodha peke yao: kuna swali? Ukiuliza ukumbi mzima utapata utani. Nahodha mmoja aliwahi kuniuliza, "Nikijibu kabla hujamaliza kusoma je?" Sikuwa na jibu. Mwamuzi akaamua pale pale: usomaji unakatishwa, na akikosa, timu inayofuata inasomewa swali lote tangu mwanzo. Tuliitangaza kwa timu zote kabla ya kufungua bahasha, na jioni ile ilitumika mara mbili bila mtu kunyanyuka kitini.